Jumla Sita Zinazofungua Kakuro

Ukipewa visanduku viwili vitupu na kuambiwa uvijaze tarakimu mbili zisizofanana zitakazofanya jumla ya 10, utakuwa na njia nne: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, au 4 na 6. Ukiambiwa jumla ni 4, huna la kuchagua. Ni 1 na 3 tu, kwa sababu 2 na 2 ni tarakimu moja iliyorudiwa, na kurudia ni marufuku. Kakuro nzima inaanzia hapo. Anayejua kuzitambua jumla zenye njia moja anaanza fumbo kwa uhakika. Asiyejua huanza kwenye kona ya juu kushoto kwa mazoea ya kusoma, akabahatisha tarakimu ya kwanza, na nusu saa baadaye karatasi imechakaa kwa kufutwafutwa.

Kwa ambaye hajawahi kuligusa, fumbo lenyewe linafanana kwa sura na yale mafumbo ya maneno ya magazetini, yenye visanduku vyeupe na vyeusi. Hapa hakuna maneno. Kila mfululizo wa visanduku vyeupe, uwe umelala au umesimama, umepewa jumla yake, nayo imeandikwa kwenye kisanduku cheusi kinachoutangulia. Kisanduku hicho hukatwa kwa mstari wa mshazari: namba iliyo upande wa juu kulia ni ya visanduku vinavyoelekea kulia, na iliyo upande wa chini kushoto ni ya visanduku vinavyoshuka chini. Tarakimu zinazotumika ni 1 hadi 9, na ndani ya mfululizo mmoja hakuna tarakimu inayorudiwa. Sheria zinaishia hapo. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja, na jibu hilo hufikiwa kwa kufikiri, bila kubahatisha hata mara moja.

Mafumbo haya yalichapishwa Marekani kwenye majarida ya kampuni ya Dell katika miaka ya 1960. Huko Japani yalipata makao ya kudumu kupitia Maki Kaji na jarida lake la mafumbo, Nikoli, lilelile lililoipa sudoku jina linalojulikana leo duniani kote. Mwaka 2005, sudoku ilipokuwa imewateka wasomaji wa magazeti ya Uingereza, magazeti hayo yakaileta kakuro iwe ndugu yake. Wengi waliijaribu, wakaiona ngumu kuliko sudoku. Nadhani ugumu huo unatokana na jambo moja. Sudoku inakuwekea tarakimu kadhaa tayari, lakini kakuro inakukabidhi visanduku vitupu vyote. Lazima ujue mwenyewe pa kuingilia.

Mahali pa kuingilia ni kwenye jumla ndogo kabisa na kubwa kabisa. Inafaa kuelewa sababu kabla ya kukariri chochote, maana aliyeielewa hatahitaji orodha ndefu.

Chukua visanduku vitatu. Jumla ndogo kuliko zote inayowezekana ni 6, yaani 1, 2 na 3. Sasa ongeza moja, jumla iwe 7. Moja hiyo utaiongeza wapi? Ukiiongeza kwenye 1, inakuwa 2, na 2 nyingine tayari ipo. Ukiiongeza kwenye 2, inakuwa 3, nayo ipo pia. Inabaki 3 peke yake, ambayo inaweza kupanda hadi 4 bila kugongana na yeyote. Kwa hiyo 7 kwenye visanduku vitatu ni 1, 2 na 4, basi. Ongeza moja tena, jumla iwe 8, na sasa mlango wa pili umefunguka: 4 inaweza kwenda 5, tukapata 1, 2 na 5, au 2 inaweza kupanda hadi 3, kwa sababu nafasi ya 3 imeachwa wazi, tukapata 1, 3 na 4. Uhakika umekwisha. Kadiri jumla inavyoelekea katikati ndivyo milango inavyoongezeka. Jumla ya 15 kwenye visanduku vitatu ina njia nane.

Ndiyo maana kwa visanduku viwili, vitatu na vinne, jumla ndogo zenye njia moja ni mbili kwa kila urefu: ile ya chini kabisa na inayoifuata. Kwa visanduku viwili ni 3, yaani 1 na 2, kisha 4, yaani 1 na 3. Kwa visanduku vitatu ni 6 na 7, ambazo tumeshaziona. Kwa visanduku vinne ni 10, yaani 1, 2, 3 na 4, kisha 11, yaani 1, 2, 3 na 5. Hizo ni jumla sita. Hizo ndizo ninazoomba msomaji azikariri, nazo zinakaa kichwani bila taabu kwa sababu zimejengwa kwa mpango mmoja: anza na 1, panda kwa mfululizo, na kwenye jumla ya pili tarakimu ya mwisho iruke hatua moja.

Zilizobaki zote zinapatikana kwa kutoa. Kwanza ziko jumla kubwa, ambazo ni kivuli cha zile ndogo. Chukua kundi lolote dogo, kisha badala ya kila tarakimu weka kile kinachobaki ukiitoa kwenye 10. Kundi la 1 na 3 linageuka 9 na 7, na jumla yake ni 16. Kundi la 1 na 2 linageuka 9 na 8, jumla 17. Kwa visanduku vitatu, 1, 2 na 4 zinageuka 9, 8 na 6, jumla 23. Na 1, 2 na 3 zinageuka 9, 8 na 7, jumla 24. Kwa visanduku vinne tunapata 29, ambayo ni 5, 7, 8 na 9, na 30, ambayo ni 6, 7, 8 na 9. Ikiwa kundi dogo lina njia moja, kivuli chake nacho lazima kiwe na njia moja, kwa sababu kila njia upande mmoja ina mwenzake upande wa pili.

Mifululizo mirefu ndiyo inayowatisha watu, nao ni rahisi ajabu ukiitazama kwa yale yanayokosekana. Tarakimu zote tisa, kuanzia 1 hadi 9, zina jumla ya 45. Mfululizo wa visanduku saba basi umeacha tarakimu mbili nje, na jumla ya hizo mbili ni 45 ukitoa jumla uliyopewa. Ukikuta 41 kwenye visanduku saba, usihangaike kujumlisha saba. Toa 41 kwenye 45, inabaki 4. Zilizoachwa nje ni 1 na 3, kwa hiyo ndani kuna 2, 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Vivyo hivyo 22 kwenye visanduku sita: 45 ukitoa 22 ni 23, na tatu zinazofanya 23 ni 6, 8 na 9. Hizo zimekosekana, na zilizomo ni 1, 2, 3, 4, 5 na 7. Kwa visanduku vitano unatazama vinne vilivyo nje. Kwa visanduku vinane ni rahisi zaidi, maana aliyekosekana ni mmoja tu, naye anajitaja mwenyewe: jumla ikiwa 38, aliyekosekana ni 7. Kwa hiyo mfululizo wa visanduku vinane una njia moja kwa kila jumla, iwe 36 au 44 au yoyote iliyo kati. Wenye visanduku tisa haukuambii lolote jipya, kwa kuwa lazima uwe na tarakimu zote.

Ukihesabu kila urefu pamoja na kila jumla inayowezekana kwa urefu huo, unapata hali 120. Kati ya hizo, 34 zina njia moja. Ni zaidi kidogo ya robo, na zote zimetoka kwenye zile sita na ile 45.

Hapa inabidi nisisitize jambo ambalo wanaoanza hulipita haraka. Kujua kundi si kujua mpangilio. Ukikuta 16 kwenye visanduku viwili unajua kuna 7 na 9, lakini hujui ipi iko kushoto na ipi iko kulia. Ukiandika 7 na 9 kwa kalamu ya wino kwa sababu tu ndivyo zilivyokujia, umebahatisha. Mpangilio unaletwa na makutano. Kila kisanduku kiko kwenye mifululizo miwili, mmoja umelala na mwingine umesimama, na tarakimu yake lazima iwe imo kwenye makundi yote mawili. Ikiwa makundi hayo yana tarakimu moja tu ya pamoja, kisanduku kimejibiwa.

Tufanye fumbo moja dogo hadi mwisho. Nimelitunga hapa ili kila hatua ionekane. Safu mlalo nimezipa herufi A hadi D, na safu wima nimezipa namba 1 hadi 4, hivyo B3 ni kisanduku kilicho mlalo B na wima ya 3. Namba zilizo kushoto ni jumla za mlalo, na zilizo juu ya visanduku ni jumla za wima.

```
      17   17
16    A1   A2   16
23    B1   B2   B3    4
       7   C2   C3   C4
            8   D3   D4
```

Kabla ya kuandika chochote, hesabu urefu wa kila mfululizo. Mlalo A una visanduku viwili na jumla ya 16. Mlalo B una vitatu, jumla 23. Mlalo C una vitatu, jumla 7. Mlalo D una viwili, jumla 8. Wima ya 1 ina viwili, jumla 17. Wima ya 2 ina vitatu, jumla 17 pia. Wima ya 3 ina vitatu, jumla 16. Wima ya 4 ina viwili, jumla 4.

Tazama kwamba 17 imetokea mara mbili na 16 mara mbili. Nimefanya hivyo makusudi, kwa sababu kosa linalowapata watu wengi zaidi kwenye kakuro ni kuitazama namba na kusahau urefu. Kwenye wima ya 1 yenye visanduku viwili, 17 ni 8 na 9 bila ubishi. Kwenye wima ya 2 yenye vitatu, 17 hiyohiyo ina njia saba. Vivyo hivyo 16 ya mlalo A ina njia moja, na 16 ya wima ya 3 ina nane. Namba peke yake haisemi kitu. Inasema ikiwa pamoja na urefu wake.

Jumla zenye njia moja hapa ni tano: mlalo A ni 7 na 9, mlalo B ni 6, 8 na 9, mlalo C ni 1, 2 na 4, wima ya 1 ni 8 na 9, wima ya 4 ni 1 na 3. Tatu zilizobaki, yaani mlalo D, wima ya 2 na wima ya 3, tuziache zisubiri.

Sasa tafuta mahali ambapo makundi mawili kati ya hayo matano yanakutana. A1 iko kwenye mlalo A, wenye 7 na 9, na kwenye wima ya 1, yenye 8 na 9. Ya pamoja ni 9 peke yake. A1 ni 9. Papo hapo A2 inakuwa 7, maana ndiyo iliyobaki mlaloni, na B1 inakuwa 8, maana ndiyo iliyobaki kwenye wima. Kisanduku kimoja kimetoa vitatu. Kabla ya kusonga, hakikisha: B1 ni 8, na 8 imo kwenye kundi la mlalo B, yaani 6, 8 na 9. Imo. Kama isingekuwemo, tungejua tumehesabu urefu vibaya au tumesoma namba ya fumbo jirani.

Nenda kona ya pili. C4 iko kwenye mlalo C, wenye 1, 2 na 4, na kwenye wima ya 4, yenye 1 na 3. Ya pamoja ni 1. C4 ni 1, na D4 chini yake ni 3. Mlalo D una jumla ya 8, ambayo mwanzoni ilikuwa na njia tatu: 1 na 7, 2 na 6, 3 na 5. Kwa kuwa sasa D4 ni 3, D3 lazima iwe 5.

Vimebaki visanduku vinne vya katikati: B2, B3, C2 na C3. Mlalo B umeshatumia 8, kwa hiyo B2 na B3 ni 6 na 9, lakini hatujui kwa mpangilio upi. Mlalo C umeshatumia 1, kwa hiyo C2 na C3 ni 2 na 4, nazo mpangilio haujulikani. Hapa zile jumla tulizoziacha nje zinaingia kazini. Wima ya 2 ina jumla ya 17, na A2 juu yake ni 7. Zimebaki 10 kwa B2 na C2. B2 ikiwa 9, C2 ingehitaji kuwa 1, na hiyo 1 imeshakaa C4 kwenye mlalo huohuo. Haiwezekani. B2 ni 6, na C2 ni 4. Basi B3 ni 9 na C3 ni 2.

Wima ya 3 hatukuigusa kabisa, na hiyo ni bahati nzuri, kwa sababu inabaki kuwa shahidi wetu. B3 ni 9, C3 ni 2, D3 ni 5, jumla 16. Ndivyo ilivyoandikwa. Kuna ukaguzi mwingine unaoweza kuufanya hata kabla ya kuanza, ukishuku kwamba namba imechapwa vibaya au umeinakili vibaya kutoka mahali pengine. Kila kisanduku kinahesabiwa mara moja kwa mlalo na mara moja kwa wima, kwa hiyo jumla zote za mlalo zikiunganishwa lazima zilingane na za wima zikiunganishwa. Hapa 16, 23, 7 na 8 ni 54. Na 17, 17, 16 na 4 ni 54. Zisingelingana, fumbo lisingekuwa na jibu hata ungekaa nalo hadi alfajiri.

Kwenye fumbo hili makutano yaliyotuanzisha yalikuwa na tarakimu moja ya pamoja. Si kila mara inakuwa hivyo. Kundi la 1, 2 na 4 likikutana na kundi la 1, 2 na 3, za pamoja ni mbili, 1 na 2. Usichague. Andika zote mbili kwa udogo kwenye pembe ya kisanduku, kwa penseli, na uendelee kwingine. Alama hizo ndogo ndizo kumbukumbu yako, na mara nyingi kisanduku cha jirani kikijibiwa, moja kati ya hizo mbili inajifuta. Makundi mawili yakikutana bila tarakimu yoyote ya pamoja, mathalani 3 ya visanduku viwili ikikatana na 17 ya visanduku viwili, hiyo haiwezekani, na jambo la kwanza la kufanya ni kuhesabu visanduku upya. Mara nyingi kuna kisanduku cheupe kimoja ulichokiruka, hasa kwenye mifululizo ya katikati ya fumbo kubwa ambako jicho huchoka.

Mafumbo makubwa ya magazetini hayakupi jumla tano kati ya nane kama nilivyofanya mimi. Yanaweza kukupa chache, zimetawanyika, kisha njia inaonekana kufungika. Hapo ndipo inafaa kujua kwamba jumla yenye njia moja si lazima iwe imechapwa kwenye fumbo. Inaweza kuzaliwa katikati ya kazi. Tuseme una visanduku vinne vyenye jumla ya 22, hali yenye njia nyingi na isiyokusaidia kitu mwanzoni. Makutano ya pembeni yamekupa 1 kwenye kisanduku kimoja na 5 kwenye kingine. Toa hizo 6, zinabaki 16 kwa visanduku viwili. Ni 7 na 9. Mfululizo uliokuwa kimya umesema ghafla, na sasa 7 na 9 hizo zinaweza kukutana na makundi mengine. Kwa sababu hiyo, kila unapoandika tarakimu, jizoeze kutazama kilichobaki kwenye mlalo wake na kwenye wima yake, hata kama jumla ya mwanzo haikuwa na maana kwako. Wajuzi wa kakuro hutofautiana na wengine hapa zaidi kuliko kwenye kukariri.

Kilichobaki kinaweza kuwa na njia moja hata kama hakimo kwenye orodha yetu, kwa sababu ya kile kilichokwisha kutumika. Visanduku viwili vikibakiwa na 5 vina njia mbili: 1 na 4, au 2 na 3. Lakini ikiwa kwenye mfululizo huohuo 1 imeshakaa, ni 2 na 3 tu. Upande wa pili wa jambo hilo ni onyo. Ukikuta kwamba kilichobaki ni 17 kwa visanduku viwili na huku 9 imeshatumika mlaloni, umekosea mahali, na kosa liko nyuma yako, si mbele. Usiendelee kujaza ukitumaini litajirekebisha. Rudi kwenye kisanduku cha mwisho ambacho unaweza kukieleza kwa makutano, na ufute kila kilichofuata.

Mwisho kuna majirani wa zile jumla za njia moja, na hawa huokoa fumbo lililokwama kabisa. Jumla ya 8 kwenye visanduku vitatu ina njia mbili, 1, 2 na 5 au 1, 3 na 4, lakini zote mbili zina 1. Kwa hiyo hata kabla ya kujua ni njia ipi, unajua 1 imo, na unajua kwamba 6, 7, 8 na 9 hazimo. Kivuli chake ni 22, yenye njia mbili pia, na 9 imo kwenye zote: 5, 8 na 9 au 6, 7 na 9. Kwa visanduku vinne, 12 ni 1, 2, 3 na 6 au 1, 2, 4 na 5, hivyo 1 na 2 zimo kwa vyovyote vile. Na 28, kivuli chake, lazima iwe na 8 na 9. Wakati mwingine hiyo inatosha. Tuseme mlalo wa visanduku vinne una jumla ya 28, na visanduku vyake viwili vinakatwa na wima zenye makundi madogo, mojawapo ikiwa 10 kwa visanduku vinne na nyingine 11 kwa visanduku vinne. Wima hizo hazina 8 wala 9. Kwa hiyo 8 na 9 zimekaa kwenye visanduku vile vingine viwili, hakuna pengine. Viwili vilivyokatwa vinabakiwa na 28 ukitoa 17, yaani 11, na kwa kuwa wima hizo haziendi zaidi ya 4 na 5, jumla kubwa kabisa vinavyoweza kufikia ni 9. Haifiki. Ukiona hali kama hiyo, huna haja ya kutafuta penseli nyingine. Umehesabu kisanduku kimoja pungufu kwenye mlalo huo, ama kimoja zaidi kwenye mojawapo ya wima zile mbili, na utaligundua kosa ukipitisha kidole juu ya visanduku kimoja kimoja.